Kadi imeibiwa Istanbul, benki iko Nairobi

"Nimeibiwa kadi ya debiti Istanbul, benki yangu iko Nairobi. Nianzie polisi?"

Polisi baadaye, ndugu. Fungua apu ya benki ufunge kadi sasa hivi, halafu upige simu pia, kwa sababu apu mara nyingi huisimamisha tu, na wewe unataka ifutwe. Namba za bure za 0800 kwa kawaida hazishiki ukiwa nje. Tafuta ile ya +254. Omba namba ya ripoti na uandike saa uliyopiga. Dada yangu alipiga saa 2:10 usiku, pesa zikakatwa dukani saa 2:25, na hizo dakika 15 ndizo zilizomrudishia hela, ingawa baada ya wiki kadhaa za kusumbuana.

Laini yako ya Kenya usiitoe, namba za uthibitisho za benki zinakuja humo. Pesa ya kula, mtu wa nyumbani akutumie kwa Western Union, uchukue na pasipoti.

"Bila PIN si hawatoi kitu?"

Kwa ATM, sawa. Dukani wanagusisha tu kadi, na kiasi kidogo mara nyingi hakiulizi PIN. Dada alikatwa hivyo.

"Mimi yangu ilimezwa na ATM Westlands, nifanyeje?"

Hiyo ni nyingine kabisa, boss.