Virusi Havionekani, Mbona CD4 Zimeshuka?

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 47, na huu ni mwaka mmoja na nusu natumia dawa za VVU, kidonge kimoja kila usiku. Nilipoanza, CD4 zilikuwa 86 na wingi wa virusi 240,000. Baada ya miezi sita virusi vilishuka chini ya 50 na CD4 zikawa 171. Mwaka ulipotimia CD4 zilifika 214, nikafurahi, nikaacha septrini. Wiki iliyopita nilipimwa nikiwa na mafua makali: virusi havionekani, lakini CD4 zimerudi 189. Mwenzangu tuliyeanza dawa pamoja ana 640. Je, dawa zangu zimeanza kushindwa? Niombe nibadilishiwe, au ninunue vidonge vya kuongeza kinga? Na mume wangu, ambaye hana virusi, yuko salama? Nimeambatanisha picha za majibu yangu. Mama wa Watatu.*

Marahaba, mwanangu. Dawa zako hazijashindwa, wala sioni sababu ya kubadilishiwa. Septrini, dawa inayozuia magonjwa wakati kinga iko chini, hukupaswa kuiacha, hata hivyo, na ningependa ulishughulikie hilo wiki hii hii. Nitakueleza kwa kutumia namba zako mwenyewe.

Damu ya vipimo hivi viwili mara nyingi hutolewa siku moja, na majibu yake huwekwa kwenye faili moja, ndiyo maana wengi hudhani kwamba namba hizo zinapaswa kwenda pamoja: virusi vikishuka, CD4 nazo zipande kwa kasi ileile. Kwa kweli kila kipimo kinajibu swali lake. Wingi wa virusi ni hesabu ya nakala za virusi katika mililita moja ya majimaji ya damu, na swali lake ni kama dawa inavizuia virusi kuzaliana. CD4 ni chembe nyeupe zinazoongoza ulinzi wa mwili, ambazo ndizo virusi huziingia na kuziharibu. Zinahesabiwa katika mikrolita moja ya damu, yaani sehemu moja ya elfu ya mililita, na swali lake ni mwili umefika wapi katika kujenga upya kile kilichobomolewa. Swali la kwanza hupata jibu ndani ya wiki na miezi. La pili huchukua miaka.

Tazama virusi vyako kwanza. Kutoka 240,000 hadi chini ya 50 maana yake ni kwamba katika kila nakala 4,800 zilizokuwa zikizunguka kwenye damu yako, haijabaki hata moja kamili. Ikiwa kidonge chako kina dolutegraviri, kama ilivyo kwa watu wengi siku hizi, kazi kubwa ilifanyika katika wiki za mwanzo, nawe ulipoenda kupimwa mwezi wa sita ulikuta imekwisha. Majibu yako ya sasa yameandikwa TND, yaani mashine ilitafuta na haikukuta kirusi cha kuhesabu. Kuna virusi vilivyojificha vimelala ndani ya chembe, ambavyo dawa haiwezi kuviondoa, na ndivyo huamka na kurudi kwenye damu ndani ya wiki chache mtu akiacha vidonge, lakini kwa sasa havizaliani. Dawa haiwezi kufanya kazi bora kuliko hiyo, kwa hiyo hakuna dawa nyingine ambayo ingekupa jibu zuri zaidi kwenye kipimo hiki.

Sasa njoo kwenye CD4. Katika miezi miwili mitatu ya mwanzo hupanda haraka, kwa sababu chembe zilizokuwa zimenaswa kwenye matezi yaliyovimba zinaachiliwa na kurudi kwenye damu. Baada ya hapo mwili hauna budi kutengeneza chembe mpya, na kazi hiyo ni ya polepole. Tezi ya thaimasi, iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, ambamo chembe hizi hukomazwa, husinyaa kadiri umri unavyosonga, na matezi yaliyokaa na virusi kwa miaka mingi huwa na makovu. Kwa kawaida mtu huongeza CD4 kati ya 50 na 150 katika mwaka wa kwanza, kisha kama 50 hadi 100 kila mwaka mpaka zitulie mahali. Wewe uliongeza 128 katika mwaka wa kwanza, nawe ulianza ukiwa na miaka zaidi ya 45 na kinga iliyokuwa imeshuka sana. Hayo ni maendeleo mazuri, mwanangu, hata kama kwako yanaonekana haba.

Mwenzako mwenye 640 hakukuambia alianzia wapi. Aliyeanza na 450 akaongeza 190 hufika hapo bila kukuzidi sana kwa mwendo. Nimekaa miaka mingi na watu wakiwa na majibu yao mkononi, na jambo lililowaumiza wengi bila sababu ni kulinganisha namba kwenye benchi la kusubiri.

Huko kurudi kutoka 214 hadi 189 ndiko kulikokunyima usingizi, kwa hiyo tukutazame kwa karibu. CD4 hupanda na kushuka hata ndani ya siku moja. Mafua, homa, kukosa usingizi na baadhi ya dawa, hasa za jamii ya prednisoloni, huzigusa. Kwa sababu hiyo wataalamu hawahesabu kuwa zimebadilika kweli mpaka tofauti ifikie takriban asilimia 30. Kwako wewe, hiyo ingekuwa kushuka chini ya 150. Ulichopoteza ni chembe 25, kama asilimia 12.

Tena picha zako zina jambo ambalo nadhani hakuna aliyekuonyesha. Pembeni ya 214, kwa maandishi madogo, pameandikwa CD4% 14, na pembeni ya 189 pameandikwa CD4% 15. Namba hiyo ndogo ni sehemu ya CD4 katika kundi zima la chembe nyeupe ziitwazo limfosaiti, nayo haiyumbishwi sana na mafua. Piga hesabu: ikiwa 214 ni asilimia 14, basi siku ile ulikuwa na limfosaiti kama 1,530, ikiwa 189 ni asilimia 15, wiki iliyopita ulikuwa nazo 1,260 tu. Kundi zima lilipungua kwa sababu ulikuwa na mafua, wakati fungu la CD4 ndani yake halikupungua hata kidogo. Ninasita kusema kwamba limeongezeka, maana tofauti ya asilimia moja ni ndogo mno. Inatosha kusema kwamba halikushuka. Kipimo kijacho kifanyike ukiwa mzima, ikiwezekana maabara ileile na saa zilezile.

Kuhusu vidonge vya kuongeza kinga, naomba unisikilize vizuri. Watafiti waliwahi kutumia interlukini-2, kemikali ambayo mwili wenyewe huitengeneza, kuongeza CD4 za watu waliokuwa kwenye dawa. Majaribio mawili makubwa, yaliyotolewa matokeo mwaka 2009, yalionyesha kwamba namba zilipanda kweli, lakini watu hao hawakuugua wala kufa kwa uchache kuliko wengine. Namba iliyosukumwa kutoka nje haikuleta ulinzi. Ikiwa dawa yenye nguvu kiasi hicho ilishindwa, sioni kopo la vidonge vya dukani litafanya nini. Tena vingi vya vidonge hivyo vina madini ya chuma, kalisi au zinki, ambayo hushikana na dolutegraviri tumboni ikashindwa kuingia kwenye damu vya kutosha. Anayelazimika kutumia madini hayo kwa sababu nyingine amweleze mtoa dawa. Kanuni ya kawaida ni kumeza dolutegraviri saa mbili kabla yake au saa sita baada yake.

Dalili ya dawa kushindwa utaiona kwenye wingi wa virusi. Siku moja huenda ukapewa jibu la 90 au 130 badala ya TND. Mara moja tu si kushindwa. Hutokea, na kipimo kinachofuata mara nyingi huwa kimerudi chini ya 50. Likijirudia au likiendelea kupanda, ndipo tunauliza kuhusu vidonge vilivyorukwa na dawa nyingine unazomeza. Likivuka 1,000, utaratibu unaotumika sehemu nyingi ni kupewa msaada wa kumeza dawa ipasavyo kisha kupimwa tena baada ya miezi mitatu, kabla ya kuamua kama kidonge kibadilishwe.

Mume wako yuko salama, na usalama wake hautegemei CD4 zako hata kidogo. Wingi wa virusi ndio unaoamua. Mtu ambaye virusi vyake havionekani na anaendelea kumeza dawa hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana. Katika utafiti wa PARTNER, uliochapishwa mwaka 2016, wenzi ambao mmoja ana virusi vilivyodhibitiwa walijamiiana bila kondomu takriban mara 58,000, na haikupatikana hata moja iliyosababisha mwenzi kuambukizwa virusi kutoka kwa mwenzake. Ungekuwa na CD4 189 au 900, jibu langu lingekuwa lilelile.

CD4 zako zina maana kubwa kwingine, nako ni kwenye septrini. Chini ya 200 mwili bado unaweza kushindwa na magonjwa ambayo mtu mwenye kinga kamili hayamsumbui, kama nimonia ya pneumosistisi na toksoplasma ya ubongo, na septrini huyazuia yote mawili. Miongozo inatofautiana kuhusu wakati wa kuiacha: mingine hutaka CD4 zivuke 350 huku virusi vikiwa vimedhibitiwa, mingine huridhika na zaidi ya 200 zilizodumu miezi mitatu au zaidi, na penye malaria nyingi huenda ukaambiwa uendelee hata baada ya hapo. Wewe ulivuka 200 mara moja, kwa chembe 14, ukaacha siku hiyo. Hakuna mwongozo kati ya hiyo ambao ungekuruhusu. Nenda ukamwambie mhudumu wako kwamba uliacha, na lini, bila kuficha. Kama uliwahi kupata vipele au kuwashwa ulipoimeza, liseme hilo pia kabla hajakuandikia upya.

Na hayo mafua yako: yakiisha, basi. Lakini ukibaki na kikohozi, ukianza kutoka jasho usiku, kupungua uzito, kukosa pumzi unapopanda ngazi, au kichwa kikiuma siku kadhaa pamoja na homa, nenda kliniki siku hiyohiyo, hata kama tarehe yako bado iko mbali, nawe uwaambie mara tu unapofika kwamba CD4 zako za mwisho ni 189.