Kushoto au kulia: usigeuze jibu mwishoni!

"Wakuu, kanuni za Fleming za mkono wa kushoto na wa kulia zinanichanganya. Jamaa kaniambia nitumie wa kushoto kwa maswali yote, likija la jenereta nigeuze jibu mwishoni. Iko sawa?"

Usithubutu. Hiyo ya kugeuza mwishoni ndiyo iliyonimaliza mimi, na aliyenifundisha alikuwa mwalimu wa tuisheni, analipwa kabisa, anatuambia eti mkono mmoja unatosha msijisumbue. Mpaka leo nikikumbuka nakasirika, maana alijua maswali yanavyokuja na hakutuambia huo ujanja unafia wapi.

Unafia hapa. Swali langu lilikuwa la fimbo ya shaba inayoteleza juu ya reli mbili, upande wa kushoto reli zimeunganishwa na rezista, uga wa sumaku unaingia ndani ya karatasi, fimbo inavutwa kwenda kulia. Kipengele cha kwanza, mkondo unaelekea wapi kwenye fimbo? Nikashika kushoto, nikapata unashuka, nikageuza, unapanda. Sahihi kabisa! Kipengele cha pili, kani ya sumaku kwenye hiyo hiyo fimbo inaelekea wapi? Kushoto tena, mkondo unapanda, gumba likaonyesha kushoto, halafu kichwani nikasema hili ni swali la jenereta, nigeuze. Nikageuza nikaandika kulia. Vipengele vilivyofuata vyote vilitegemea hiyo kani, vikaanguka kimoja baada ya kingine.

Jibu langu maana yake ni kwamba ukiisukuma fimbo kidogo tu inajisukuma yenyewe, inaongeza kasi, mkondo unaongezeka, kani inaongezeka, umeme wa bure milele. Haiwezekani! Lenz alishalisema hilo mwaka 1834, mkondo unaozaliwa na mwendo lazima upinge huo mwendo. Fimbo inakwenda kulia, kani ya sumaku lazima iwe kushoto. Weka namba uone: uga tesla 0.5, fimbo mita 0.2, kasi mita 4 kwa sekunde, unapata volti 0.4. Ukinzani ukiwa omu 2 mkondo ni ampea 0.2, na kani ni nyutoni 0.02. Anayevuta anatoa 0.02 mara 4, wati 0.08, na rezista inakula 0.4 mara 0.2, wati 0.08 zilezile. Zinalingana kwa sababu kani inampinga anayevuta.

Sheria yangu ni moja tu: uliza nini kimesababisha nini. Mwendo umezaa mkondo, mkono wa kulia. Mkondo umezaa kani, mkono wa kushoto. Swali moja linaweza kuwa na vyote viwili, kwa hiyo usiangalie jina la mashine, angalia mshale unaoutafuta.

Sasa mazoezi, na uchore michoro MIWILI, sio mmoja. Wa kwanza: chora reli mbili za kulala, fimbo imesimama katikati, rezista kushoto, jaza alama za msalaba kuonyesha uga unaingia ndani. Chora mshale wa mwendo kwenda kulia. Weka kalamu chini (hili usilipuuze, ukishika kalamu kwa mkono wa kulia utajikuta unatumia wa kushoto bila kujua). Mkono wa kulia, kidole cha shahada kichome karatasi, gumba kulia, cha kati kitaelekea juu, chora mshale wa mkondo hapo. Ufuatilie mzunguko wote kwa kidole: unapanda kwenye fimbo, unakwenda kushoto kwenye reli ya juu, unashuka kwenye rezista, unarudi. Ncha ya juu ya fimbo ndiyo chanya, kwa sababu fimbo hapa ndiyo betri, na ndani ya betri mkondo unatoka hasi kwenda chanya.

Mchoro wa pili: chora upya fimbo, misalaba na mshale wa mkondo tu. Mwendo USIUCHORE, ndio unaokuvuruga. Mkono wa kushoto, shahada ndani ya karatasi, cha kati juu, gumba linaangukia kushoto. Hiyo ndiyo kani. Sasa weka michoro miwili ubavu kwa ubavu, mshale wa mwendo na wa kani lazima vitazamane kinyume. Vikielekea upande mmoja umekosea mkono mahali, rudi.

Ukimaliza rudia kwa fimbo kwenda kushoto, halafu badilisha misalaba iwe nukta, uga unatoka nje, ufanye tena kulia na kushoto. Misalaba na kulia mkondo unapanda, misalaba na kushoto unashuka, nukta na kulia unashuka, nukta na kushoto unapanda. Mkondo unabadilika badilika lakini kani katika michoro yote minne inapinga mwendo. Mimi nilichora hiyo minne kila siku kwa wiki mbili kabla ya kurudia mtihani, na kipengele cha kani sikukikosa tena.