Themomita na kanuni ya sifuri

"Kanuni ya sifuri ya themodainamiki inasaidia nini? Si ni kitu cha wazi tu?"

Si wazi hivyo. Themomita ikitulia kwenye 40 ndani ya sufuria, kisha ikatulia 40 ndani ya beseni, kanuni hiyo ndiyo inayokuhakikishia kwamba vikigusana joto halitahama, ingawa havijawahi kukutana. Bila hiyo, 40 ingekuwa habari ya themomita peke yake. Anayedhani kwamba kilicho sawa kati ya sufuria na beseni ni nishati amekaribia, ila beseni lenye maji mengi lina nishati zaidi. Kilicho sawa ni halijoto. Namba zenyewe kanuni haichagui: maabara tuliwahi kuweka alama ya 100 kwa maji yanayochemka, kumbe hapa Nairobi yanachemka kwenye kama 94!