Chapati za Wandegeya zinavyofundisha mchango, breki-iveni na variansi

Swali la wiki: "Mtihani wa uhasibu wa menejimenti uko karibu. Nani ataniwekea pamoja majino kosti, breki-iveni na variansi kwa hesabu ndogo ndogo?"

Chukua kibanda cha chapati pale Wandegeya, Kampala, chapati moja shilingi 1,000. Unga 350, mafuta 150, makaa 100, jumla 600, na hizo ndo gharama badilifu, usipopika hazipo. Kodi na mshahara wa kijana ni 320,000 kwa mwezi, hizo unalipa hata mvua ikinyesha mwezi mzima. Majino kosti inakuambia usiigawie chapati hiyo kodi, wewe toa tu 1,000 kasoro 600 unabaki na 400, huo unaitwa mchango, yaani kila chapati inachangia 400 kulipa kodi na mshahara kwanza halafu ndo faida ianze.

Kwa hiyo breki-iveni, yaani pale ambapo hupati faida wala hasara, ni 320,000 gawa kwa 400, chapati 800. Wengi wanagawa kwa bei wanapata 320, na kujua umekosea ni rahisi: 320 mara 400 ni 128,000, kodi na mshahara bado havijalipika. Ukiulizwa faida ya 200,000 unaijumlisha juu ya zile 320,000, inakuwa 520,000 gawa kwa 400, chapati 1,300. Ila ukiongeza kijana wa pili mshahara unapanda, hiyo 800 haifai tena, piga upya.

Sasa variansi, yaani tofauti kati ya kilichopangwa na kilichotokea kweli, hapa ndo maksi nyingi zinapotea. Kiwango ni gramu 100 za unga kwa chapati, kilo shilingi 3,500. Bajeti ilikuwa chapati 900 lakini zikapikwa 1,000, unga ukanunuliwa kilo 108 kwa 3,400 na ukaisha wote. Usilinganishe na kilo 90 za bajeti jamani, zimepikwa 1,000 kwa hiyo kiwango chake ni kilo 100, lazima bajeti uivute ifike kwenye kazi iliyofanyika kweli ndo uanze kutoa.

Bei: 3,500 kasoro 3,400 ni 100, mara kilo 108, inakuwa 10,800 nzuri. Matumizi: kilo 8 zimezidi, mara 3,500 ya kiwango, siyo 3,400, inakuwa 28,000 mbaya. Ukiziweka pamoja ni 17,200 mbaya, na hakikisha: ulilipa 367,200, ilitakiwa 350,000, tofauti ni hiyohiyo 17,200. Isipolingana rudi uangalie bei uliyotumia kwenye matumizi.

Na ukiambiwa toa maoni usikimbilie kumlaumu mpishi. Unga wa bei ya chini unaweza kuwa mbovu, chapati zikakatika zikatupwa, yaani aliyenunua anasifiwa kwa zile 10,800 na mpishi anabebeshwa 28,000 ambazo zimetoka kwenye gunia lilelile, kwa hiyo andika kwamba variansi mbili hizi zisomwe pamoja na aliyenunua aulizwe kwanza.