Wiki ya mshahara ina hesabu yake

Ukiagiza bidhaa kwa kutazama wastani wa wiki tatu zilizopita, mshahara utakuvuruga kila mwezi. Tuseme wiki ya mshahara unauza vipande 150, inayofuata 110, kisha 80, na wiki ya ukata kabisa 60. Sasa kadiria wiki ya ukata kwa wastani wa tatu zilizotangulia: 150, 110 na 80 zinakupa 113, ilhali wateja watataka 60. Wiki ya mshahara ikifika, wastani wa 110, 80 na 60 unakuambia 83, na wanaotaka ni 150. Yaani hesabu inakupa makadirio makubwa kuliko yote wakati mifuko imekauka, na madogo kuliko yote watu wakiwa na hela.

Kwa sababu hiyo mimi huziita wiki kwa umbali wake kutoka siku ya mshahara, na tarehe siziangalii sana. Wiki yenye mshahara ni ya kwanza, inayofuata ni ya pili, hivyo hivyo hadi mshahara mwingine. Wastani wa wiki hizo nne ni 100. Gawanya mauzo ya kila wiki kwa wastani huo, utapata vizidishio: 1.5, 1.1, 0.8 na 0.6. Mzunguko mmoja hautoshi kuviamini. Chukua angalau mitatu, kisha kwa kila aina ya wiki shika namba ya katikati, ili wiki moja ya ajabu isikuvute.

Baada ya hapo, kila mauzo mapya huyagawanya kwa kizidishio cha wiki yake kabla ya kutafuta wastani. Mzunguko mpya ukileta 165, 121, 84 na 69, ukigawanya unapata 110, 110, 105 na 115. Wastani wake ni 110, na huo ndio msingi: biashara imepanda kwa asilimia kumi, mshahara ukiwa umewekwa kando. Wiki ya mshahara ijayo ni 110 mara 1.5, sawa na 165. Kwenye jedwali la kompyuta, safu ya B ikiwa na mauzo, C kizidishio, D mauzo yaliyogawanywa na E makadirio, fomula ni mbili tu, ile ya D2 ukiinakili hadi D5:

```
D2:  =B2/C2
E6:  =AVERAGE(D2:D5)*C6
```

Mwezi mrefu, ule wenye wiki tano kati ya mshahara na mshahara, hausumbui tena. Wiki ya tano ipe kizidishio chake, ambacho mara nyingi hukaribia kile cha wiki ya nne au kuwa chini yake.

Sikukuu ndiyo inayohitaji akili zaidi. Pasaka huangukia popote kati ya Machi 22 na Aprili 25, na Idi hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, kwa hiyo kulinganisha na tarehe ileile ya mwaka jana ni kujidanganya. Linganisha sikukuu na sikukuu. Kama iliangukia wiki ya tatu, ulitarajia 110 mara 0.8, yaani 88. Ukiuza 132, kizidishio cha sikukuu ni 132 gawanya kwa 88, sawa na 1.5.

Mwaka huu ikiangukia wiki ya mshahara, fomula itakuambia 110 mara 1.5 mara 1.5, karibu 248. Mimi siagizi hizo zote. Mteja ni yuleyule mmoja, na sehemu ya manunuzi ya sikukuu ni yale ambayo angefanya kwa mshahara hata hivyo. Huichukulia 248 kuwa dari, nikaagiza chini yake na kupanga namna ya kuongeza haraka. Bidhaa inayoharibika, ndiyo kabisa usiifikishe darini.

Mauzo ya sikukuu nayo lazima uyagawanye kwa vizidishio vyote viwili. Ukisahau, 132 gawanya kwa 0.8 ni 165, na hiyo 165 itakaa ndani ya wastani wiki nne ikikupandishia msingi hadi karibu 124, tena wakati ambao mara nyingi watu wanapumua baada ya matumizi.

Jambo moja la pembeni: mzigo ulioisha Alhamisi hauonyeshi watu walitaka kiasi gani. Wiki hiyo iweke alama na usiiingize kwenye wastani.

Ili kujua kama vizidishio bado viko sawa, andika tofauti ya makadirio na mauzo kwa kila aina ya wiki. Wiki ya mshahara peke yake ikizidi makadirio mara tatu mfululizo, rekebisha 1.5. Zikizidi aina zote, vizidishio viache, msingi ndio unapanda. Wastani wa wiki nne siku zote hufuata nyuma, kwa hiyo ongeza kidogo kwa mkono mpaka ufike.