Mtupo huru: mchezaji wa pembeni akiwahi kuingia

"Beki aliingia ndani kabla mpigaji hajaachia mpira, na mpira ukaingia. Mtupo unarudiwa?"

Haurudiwi, ndugu. Kwa kanuni za mpira wa kikapu za FIBA, mpira ukiingia pointi inahesabiwa na kosa la beki huyo linapuuzwa. Mtupo hurudiwa pale tu mpira unapokosa. Kama aliyewahi ni mwenzake mpigaji na mtupo wa mwisho ukakosa, wapinzani hupewa mpira waurushe kutoka pembeni. Wanaosimama kwenye nafasi za ribaundi, watatu wa ulinzi na wawili wa ushambuliaji, huruhusiwa kusogea mara mpira unapotoka mikononi mwa mpigaji.

Mpigaji mwenyewe hubanwa zaidi: ana sekunde 5, haruhusiwi kughilibu, wala kugusa mstari au eneo la mbele yake kabla mpira haujagusa ringi au kuingia, na akikosea, pointi hufutwa hata mpira ukiwa umeingia. Kosa la kugusa mstari huwapata hasa wanaorusha kwa kuegemea mbele, uzito ukiwa kwenye vidole. Aache nafasi ndogo kabla ya mstari, akunje magoti, anyooke kwenda juu, kisha abaki amesimama mkono ukiwa umenyooka.