Ombi langu kwa mwenzetu: mtahini aanze na 384

Tangazo la mwenzetu kutetea tasnifu yake limetoka. Jina lake, mada, ukumbi wa mikutano wa kitivo, Jumatano saa nne asubuhi. Kundi la darasa likajaa "hongera" na mikono ya maombi. Niliandika mistari mitatu tu:

"Hongera sana dada. Darasa zima tunatembea kifua mbele. Ombi langu la Jumatano ni moja: mtahini wa nje aanze na swali la 384."

Baadhi yenu mmedhani ni kijembe. Hapana. Anayekwenda kudifendi ukimwombea "kila la heri" umemwombea kila kitu na hujamwombea chochote. Mimi nimemwombea swali moja, la ukubwa wa sampuli yake, lile ambalo mtu aliyefanya kazi yake analijibu kwa dakika mbili na chumba kizima kikatulia. Na kwa kuwa wengi wenu mko njiani kuelekea meza hiyohiyo, ngoja nieleze swali lenyewe lina nini ndani yake.

Fungua tasnifu yoyote ya utafiti wa hojaji katika vyuo vyetu, nenda sura ya tatu, kwenye sampuli. Kuna uwezekano mkubwa utakutana na 384. Mtahini naye ameiona mara nyingi kiasi kwamba haulizi ilitoka wapi. Anachotaka kujua ni kama wewe unajua ilitoka wapi.

Inatoka kwenye fomula ya Cochran:

```
n = z² × p × (1 − p) / e²
n = 1.96² × 0.5 × 0.5 / 0.05² = 384.16
```

Ile 1.96 ni kwa uhakika wa asilimia 95. Ile 0.05 ni kosa unaloruhusu, yaani pointi 5 juu au chini. Na 0.5 ni asilimia unayotarajia kuikuta. Hapo kwenye 0.5 ndipo watu wanapojikwaa. Wanajibu kwamba "ndiyo inayotumika". Jibu lenyewe ni kwamba p ikizidishwa kwa (1 − p) hufikia kilele pale p inapokuwa 0.5, basi ukiiweka hiyo umejikinga na hali mbaya kuliko zote. Ungekuwa na utafiti wa awali unaoonyesha asilimia 20, ungeweka 0.2 na kupata 246. Wengine wamechukua namba yao kwenye jedwali la Krejcie na Morgan la mwaka 1970. Asili ni ileile, ila jedwali lina marekebisho kwa ukubwa wa walengwa: walengwa 1,000 wanahitaji sampuli ya 278, na 10,000 wanahitaji 370.

Wapo pia wa fomula ya Yamane, N, yaani idadi ya walengwa wote, gawanya kwa (1 + Ne²). Hiyo walengwa wakiwa wengi sana huishia 400, si 384, kwa sababu ndani yake 1.96 imekwisha kuzungushwa kuwa 2. Ukitaja Yamane na Cochran katika aya moja kana kwamba ni kitu kimoja, umempa mtahini mlango wa kuingilia.

Hadi hapa ni kukariri, na anayekariri atapita hapa. Nilichomwombea dada kipo kwenye swali linalofuata: "Hao 384 uliwapataje?"

Mada ya dada ataisema mwenyewe, kwa hiyo natunga mfano. Tuseme mtu amechunguza kaya zinazopikia gesi katika wilaya yenye makumi ya maelfu ya kaya. Hakuwa na orodha ya kaya zote, nani anayo? Akachagua mitaa 16, na katika kila mtaa akachukua kaya 24. Kumi na sita mara ishirini na nne ni 384. Inapendeza kwenye slaidi.

Tatizo ni kwamba ile fomula inadhani kila kaya imechaguliwa peke yake, kutoka wilaya nzima, bila kujali jirani yake. Kaya za mtaa mmoja hazina tabia hiyo. Kama wakala wa mitungi yuko kwenye kona na anakubali kuchukua mtungi mtupu wa kilo 6 na kukupa uliojaa, nusu ya mtaa inapika gesi. Mtaa wa pili wakala yuko mbali na muuza mkaa anapita na baiskeli kila asubuhi, basi huko majiko ni ya mkaa nyumba hadi nyumba. Ukishahoji kaya 10 za mtaa huo, ya 11 haikuambii mengi mapya. Umehoji watu 384, lakini taarifa ulizopata ni za watu wachache zaidi.

Wachache kiasi gani? Kuna hesabu fupi:

```
deff = 1 + (m − 1) × rho
```

Hapo deff ni namba ya kugawanyia sampuli yako ili ujue inabeba taarifa za watu wangapi, m ni idadi ya kaya kwa mtaa, na rho ni kipimo cha jinsi majirani wanavyofanana: 0 kama hawafanani kabisa zaidi ya watu wengine, 1 kama wote ni walewale. Tuseme rho ni 0.05, ambayo kwa macho inaonekana si kitu. Moja jumlisha 23 mara 0.05 inatoa 2.15. Gawanya 384 kwa 2.15 unapata kama 179. Ndiyo sampuli yako halisi. Kosa la pointi 5 uliloliahidi katika sura ya tatu limekuwa pointi 7.3. Ili kuitimiza ile ahadi, kwa mpango huohuo wa kaya 24 kila mtaa, ulihitaji kaya 826.

Nawasisitizia hili wale ambao bado mko kwenye pendekezo la utafiti, kwa sababu kwenu bado lina dawa, na haina gharama ya kutisha. Kaya hizohizo 384 zikitoka mitaa 48, kaya 8 kila mmoja, deff inashuka hadi 1.35 na kosa linakuwa pointi 5.8. Nauli itaongezeka kidogo, hojaji ni zilezile. Ongeza mitaa kabla ya kuongeza watu ndani ya mtaa. Msimamizi akikuambia mitaa 16 inatosha, mwonyeshe hesabu hii kwa adabu.

Jambo jingine dogo la hatua hiyo: wanaokataa kuhojiwa. Ukitarajia asilimia 10 wasipatikane, usiongeze asilimia 10 juu ya 384 upate 423. Gawanya 384 kwa 0.9, upate 427. Tofauti ni kaya nne tu, lakini mtahini anayependa hesabu ataiona kabla hujafika slaidi ya pili.

Sasa, aliyekwisha kukusanya data harudi uwandani wiki moja kabla ya utetezi. Kwake dawa iko kwenye uchambuzi. Mwambie programu kwamba kaya zimetoka mitaani. Kwenye Stata ni mistari mitatu:

```
svyset mtaa
svy: proportion gesi
estat effects
```

Mstari wa kwanza unatosha ikiwa kila kaya ilikuwa na nafasi sawa ya kuchaguliwa. Mitaa ikichaguliwa kwa kuzingatia ukubwa wake, kisha kaya sawasawa kila mtaa, hali huwa hivyo. Mitaa ikichaguliwa kwa bahati nasibu ya kawaida huku mikubwa na midogo yote ikitoa kaya 24, kaya za mtaa mkubwa zilikuwa na nafasi ndogo, na hapo unahitaji uzito. Mstari wa mwisho ndio unaokuonyesha deff yako mwenyewe, kutoka kwenye data yako, badala ya ile rho ya kudhania.

Matokeo yatabadilikaje? Asilimia yenyewe haiguswi kama uzito ni sawa. Kinachopanuka ni mpaka wake. Mfano wetu ukitoa asilimia 30 ya kaya zinazopikia gesi, hesabu ya kawaida ingesema ukweli uko kati ya 25.4 na 34.6. Ukizingatia mitaa, kwa deff ya 2.15, uko kati ya 23.3 na 36.7. Mpana zaidi, ndiyo, lakini unaweza kusimama nao. Shida huwa kwenye sura ya nne pale mtu anapolinganisha makundi. Tofauti iliyokuwa na nyota moja kwenye jedwali inaweza kuipoteza. Afadhali ipotee mbele ya kompyuta yako Jumapili kuliko mbele ya jopo Jumatano.

Na hapo kwenye makundi kuna mtego ambao naupenda kwa jinsi ulivyo. Ile 384 ni ya kukadiria asilimia moja ya kundi moja. Kama lengo lako mahsusi la tatu linasema "kulinganisha kaya zinazoongozwa na wanawake na zinazoongozwa na wanaume", fomula si ile tena. Unataka kuiona tofauti ya asilimia 40 na 50, kwa uhakika wa asilimia 95 na uwezo wa asilimia 80 wa kuigundua? Hesabu yake:

```
n = (1.96 + 0.84)² × (0.4 × 0.6 + 0.5 × 0.5) / 0.1² = 384.16
```

Namba ileile hadi desimali ya pili! Ila safari hii ni kwa kila kundi. Jumla ni 770 ukizungusha kwenda juu, tena kabla ya kugusa habari ya mitaa. Mtu mwenye 384 jumla anapoandika "hakuna tofauti kati ya makundi", mtahini ana haki ya kuuliza kama tofauti haipo au sampuli haikuweza kuiona. Jibu la kiungwana ni kusema haikutosha kuiona, kisha utaje mpaka wa tofauti yenyewe.

Kwa hiyo, dada, likija Jumatano, na naomba lije la kwanza ukiwa bado na sauti, jibu linatosha kwa sentensi chache: "Nilikuwa nakadiria asilimia moja ya wilaya. Nilichukua 0.5 kwa sababu ndiyo inayodai sampuli kubwa kuliko zote. Nilichagua kupitia mitaa, kwa hiyo kosa langu si pointi 5, na mipaka iliyorekebishwa iko kwenye jedwali." Taja namba ya jedwali na ukurasa. Kisha nyamaza. Watu wengi hujibu vizuri halafu wanaendelea kuongea mpaka wanaibua swali jingine.

Slaidi ya hiyo hesabu usiipange katikati, inakula dakika zako 20. Iweke baada ya slaidi ya "Asanteni", uikariri namba yake. Kwenye PowerPoint, ukiwa unaonyesha, andika namba hiyo kisha bonyeza Enter, projekta itaruka moja kwa moja hadi hapo.